Kuendeleza klipu kwa fremu yake ya mwisho

"Klipu yangu ya bodaboda niliyotengeneza kwa modeli ya AI inaisha sekunde ya 8. Nikiiendeleza kwa picha ya mwisho, pikipiki inasita halafu inaondoka upya. Kwa nini?"

— Picha moja haina mwendo ndani yake. Modeli inaona pikipiki barabarani, lakini haijui ilikuwa inakwenda kasi gani. Usiieleze tena picha, iambie kinachoendelea: "Bodaboda tayari iko mwendoni, inaendelea kulia kwa kasi ileile, kamera inaifuata bila kusimama." Ukiunganisha, futa fremu ya kwanza ya klipu ya pili, maana ni ileile ya mwisho na macho yanaiona kama kukwama. Nimeshaunganisha hivi mara nyingi. Ikizidi mara tatu, rangi huanza kukolea.

— Piga skrinishoti tu, inatosha.

— Picha utapata, ila mara nyingi ni ndogo kuliko video na rangi zinaweza kuhama, kwa hiyo kiungo kitaonekana. Toa fremu yenyewe kwa programu ya ffmpeg hivi:

```
ffmpeg -sseof -1 -i boda.mp4 -update 1 mwisho.png
```

— Mimi yangu ni mama anayekaanga roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, hapa Jinja. Akigeuka tena, ni mtu mwingine kabisa!

— Bila shaka fremu ya mwisho ilionyesha kisogo, modeli ikabuni sura. Rudi nyuma hadi uso unapoonekana vizuri, kata hapo, uendelee kutoka hapo.

— Nikikata hapo nampoteza akigeuza chapati, na ndiyo niliyoitaka.