Kodi ya IPR: juu ya nini wanakata mbele mushahara ikufikie

"Bayaya, niko Lubumbashi, kwa bulteni yangu mushahara ni 1,000,000 FC lakini nalipwa ya kupunguka. Juu ya nini patroni anakata mbele ya kunipa? Nina bibi na batoto batatu."

Mdogo, patroni hajijengei nyumba na ile, sheria inamulazimisha akate IPR, ni kodi ya mushahara, kwa chanzo na aipeleke DGI, biro ya kodi ya serikali, mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, maana serikali haiwezi kutembea nyuma ya kila mufanyakazi wakati mushahara umeshakwisha kwa shope na nyumba. Na asipopeleka, DGI inamufwata yeye.

Sasa tuhesabu na bareme ya 2024. Kwanza banatosha CNSS yako, ni makato ya pansheni, 5%, ni 50,000, inabaki 950,000. Kwa 162,000 za kwanza unalipa 3%, sawa na 4,860, na 788,000 zenye kubakia unalipa 15%, njo 118,200. Jumla 123,060.

Lakini angalia hapa, watu wengi hawaangaliake: kila muntu unayelisha anapunguza kodi 2%, mpaka bantu 9. Bibi na batoto batatu inafanya 8%, karibu 9,845 kila mwezi, kodi inashuka 113,215 na mukononi unabaki na 836,785.

Kama kwa bulteni IPR inaandikwa 123,060, basi biro ya personeli inakuhesabu mseja. Peleka akti ya ndoa na akti za kuzaliwa za batoto, uombe bakuonyeshe hesabu upya.