Ukiigeuza “ni-” kuwa “a-”, jihadhari na “yake”

Sura ya kwanza ya wasifu niliyopewa niiandike ilitokana na shajara ya muuguzi mstaafu, nitamwita Bibi. Shajara ilisema “mimi”, wasifu ulitakiwa useme “yeye”. Kwa uvivu nilifungua Ctrl+H nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila “ni” iwe “a”. “Nyumbani” ikawa “nyumbaa”, “jioni” ikawa “jioa”. Nikarudi kuhariri kitenzi kimoja kimoja, na ndiyo njia ninayokushauri uanze nayo.

Kubadilisha vitenzi vyenyewe si kazi kubwa. “Nilikwenda” ni “alikwenda”, “sikulala” ni “hakulala”, “nisingekubali” ni “asingekubali”. “Niko” inakuwa “yuko”, wala si “ako” tunayoizungumza mitaani. “Nilijificha” inabaki na “-ji-” yake: “alijificha”.

Taabu inaanza watu wakiwa wawili. Katika shajara, “nilimwambia” na “aliniambia” ni mambo mawili tofauti. Ukigeuza, yote mawili ni “alimwambia”, na msomaji hajui nani kasema. Tazama mistari hii ya Bibi:

“Leo nimemwambia kaka kwamba sitakwenda naye Tanga. Amenijibu kuwa baba ameshampa nauli yangu.”

Nilipogeuza neno kwa neno nilipata: “Leo amemwambia kaka kwamba hatakwenda naye Tanga. Amemjibu kuwa baba ameshampa nauli yake.” Nauli ya nani? Sarufi haina kosa, lakini kisa kimepotea. Mwishowe niliandika hivi:

“Siku hiyo Bibi alimwambia kaka yake kwamba hatakwenda naye Tanga. Kaka akajibu kuwa baba yao ameshampa nauli ya Bibi.”

Jina limerudishwa pale tu kiambishi kilipoelemewa. Ukilitaja kila sentensi, sura itasomeka kama ripoti ya polisi. “Leo” imekuwa “siku hiyo”, “-me-” ya masimulizi imekuwa “-li-”, kisha “-ka-” ikaendeleza kisa. Lakini “hatakwenda” na “ameshampa” nimeziacha, kwa sababu zimo ndani ya maneno yaliyoripotiwa, na Kiswahili hakilazimishi nyakati hizo zirudi nyuma.

Mtego mwingine ni kirejeshi. “Daktari ninayemheshimu” ikigeuka “daktari anayemheshimu” huenda ikasomeka kwamba daktari ndiye anayemheshimu Bibi. Andika “daktari ambaye Bibi alimheshimu”, shaka inaondoka.

Maneno unayoyanukuu moja kwa moja kutoka shajara yaache na “ni-” zake, ndani ya alama za kunukuu. Nje ya alama hizo, ukimaliza, tafuta “angu” na “etu” kwenye faili zima. Utaletewa na “wangu” za ndani ya nukuu, hizo zipite. Mimi, baada ya kusoma sura mara tatu, bado nilikuta “mama yangu” moja katikati ya aya, na mhariri angedhani ni mama yangu mimi mwandishi.