Oili Nzito Haikubebi: Kilo 112 Juu ya Shokapu za Mbele

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nina kilo 118. Nikishika breki pikipiki inapiga magoti. Fundi ananiambia nitoe oili ya 10 niweke ya 20. Niweke?"

Nilicheka, halafu nikanuna. Swali hilo hilo niliwahi kulijibu kwa ubishi wangu mwenyewe, na ubishi huo ulinigharimu sili mbili, oili iliyodondoka mpaka kwenye diski ya breki, na miezi minne ya kuendesha pikipiki niliyokuwa naichukia. Kwa hiyo jibu langu halikuwa fupi. Nalileta hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Sisi wenye miili tunataka kitu kimoja tu: pikipiki itukalie kama inavyomkalia yule mwembamba wa kilo 70 aliyefikiriwa kiwandani.

Mimi nina kilo 112. Pikipiki yangu ina shokapu za mbele za aina ya kawaida kabisa: ndani ya kila mguu kuna springi, oili, na bomba jembamba lenye matundu. Gurudumu likipanda, oili inasukumwa kupita kwenye yale matundu. Likishuka, inarudi. Hakuna skrubu ya kurekebisha, hakuna vali ya maana. Ukitaka kubadilisha tabia yake bila kufungua kila kitu, unabadilisha unene wa oili, na hapo ndipo mtego ulipo.

Siku hizo pua ilikuwa inazama kila nikigusa breki, na kwenye shimo kubwa nasikia "ko!" shokapu ikigonga mwisho. Fundi niliyekuwa nampelekea alibonyeza usukani mara mbili, akatikisa kichwa, akasema oili ni maji. Akatoa ya 10 akaweka ya 20. Nilipotoka pale nilijiona mfalme. Nikishika breki, pua inashuka taratibu, kistaarabu. Nikawatumia marafiki ujumbe wa majigambo.

Siku ya pili nikapita kwenye barabara ya changarawe yenye makunyanzi, yale mawimbi madogo madogo yanayofuatana. Usukani ukaanza kunipiga viganja kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Baada ya mita kama 50 nikahisi kitu cha ajabu zaidi: pua imeshuka na haipandi, usukani umekuwa mwepesi wa kukata kona kuliko kawaida, na kila wimbi jipya linanifikia mfupani. Nikasimama nikakagua tairi. Tairi lilikuwa zima.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Oili nzito inapita kwa shida kwenye matundu yale yale. Wimbi kali linasukuma gurudumu juu kwa kasi kubwa, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo ukinzani unavyopanda, tena kwa mruko: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa oili inayopita kwenye tundu unaweza kufika karibu mara nne. Kwa hiyo kwenye kishindo kidogo lakini kikali shokapu inageuka chuma. Kisha inapotakiwa kunyooka, oili ile ile nzito inachelewesha. Wimbi la pili linafika kabla haijanyooka, la tatu vivyo hivyo, na pua inazidi kujikunja mpaka unaendeshea robo ya mwisho ya shokapu. Matundu hayakubadilika, na oili ni ile ile kwenda na kurudi. Huwezi kuinenepesha kwa safari ya kwenda na kuiacha nyepesi kwa safari ya kurudi.

Na lile "ko!" kwenye shimo kubwa halikuisha. Lilipungua, ndiyo, lakini nikipita mteremko mrefu nimeshika breki, pua ilikuwa inazama polepole mpaka pale pale pa zamani. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza swali ambalo sikujiuliza: oili inabeba nini?

Haibebi chochote. Pikipiki ikiwa imesimama wima na wewe umeketi, oili imetulia, na iwe ya 5 au ya 30, pua itakaa mahali pale pale. Anayekubeba ni springi. Oili inaamua tu utafika pale kwa haraka au kwa kuchelewa. Niliponenepesha oili sikuongeza nguvu yoyote ya kunibeba. Nilichelewesha tu kuzama.

Kipimo kilichonifungua macho ni kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya. Nilifunga moja kwenye bomba linalong'aa, si kwa kukaza sana. Nikainua pua mpaka shokapu ikanyooka kabisa, nikasogeza kamba ikagusa sili. Kisha nikaketi na kofia na koti langu lote, miguu juu, mtu mmoja akinishikia pikipiki wima. Nikashuka taratibu nikapima: kamba ilikuwa imesogea milimita 60. Shokapu yangu ina mwendo wa milimita 130. Maana yake kabla sijaondoka hata mita moja nilikuwa nimeshatumia asilimia 46 ya mwendo wote. Kiasi kinachofaa kwa barabara ni kama robo mpaka theluthi, yaani milimita 33 mpaka 43 hivi kwa shokapu kama hii. Usiniambie habari za oili kabla hujafanya kipimo hiki. Kwa kweli usimwambie mtu yeyote.

Springi zangu za kiwandani zilikuwa za kilo 0.65 kwa milimita kila moja, zote mbili pamoja 1.3. Kilo zangu 42 za ziada juu ya yule mtu wa kilo 70, karibu nusu yake hukaa mbele. Gawanya kwa 1.3 upate milimita 15 za kuzama zaidi yake. Nilijaribu kwanza kuweka kipande cha bomba juu ya springi ili kuikaza. Pua ilipanda, lakini springi ilibaki laini ile ile, ikawa ngumu kuanza kusogea na bado inagonga mwisho kwenye shimo. Mwishowe nikaweka springi za 0.9. Nikaketi, nikapima: milimita 40. Sitasahau ile rula.

Sasa oili ikawa na kazi yake halali. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo oili ya 10 ya zamani haikutosha kuizuia, na ile ya 20 ilikuwa bado imezidi. Nikachanganya nusu kwa nusu zile mbili, za chapa moja na aina moja, nikapata kitu karibu na 15. Nasisitiza chapa moja, kwa sababu hizo namba kwenye makopo si kipimo kimoja kwa wote. Makopo mawili yameandikwa 10W, ukigeuza nyuma moja linasoma 33 cSt kwa nyuzi 40, jingine 45 au zaidi. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya unene, na ndiyo ya kulinganisha. Unaweza kuhama kutoka "10" ya huku kwenda "10" ya kule ukawa umenenepesha bila kujua.

Jinsi ya kujua kama umepatia: simama kando ya pikipiki, shika breki ya mbele, sukuma usukani chini kwa nguvu zako zote (uzito wetu hapa ni faida), kisha legeza mikono ghafla bila kuiachia. Pua inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka tena na kupanda tena, oili ni nyepesi. Ikipanda kama mzee anayenyanyuka kitini, ni nzito. Fanya hivyo shokapu ikiwa imeshapata joto la safari, maana asubuhi ya baridi oili yoyote ni nzito kidogo.

Nimeacha kidonda cha mwisho. Zile sili mbili.

Yule fundi alipoweka ile oili ya 20 aliijaza kwa kopo la vipimo, ujazo ule ule kila mguu. Inaonekana sawa. Lakini mguu mmoja ulikuwa haujamwagika wote, oili ya zamani ilibaki ndani, na juu yake akaongeza kiasi kamili. Juu ya oili ndani ya shokapu kuna hewa, na hewa hiyo ni springi ya pili: shokapu ikijikunja inabanwa, na karibu na mwisho inakaza sana. Oili ikipanda, nafasi ya hewa inapungua, na inakaza mapema zaidi. Ikizidi, kwenye shimo kubwa shinikizo linatafuta pa kutokea, na mlango ulio karibu ni sili. Siku moja nikaona pete ya mafuta kwenye bomba la kulia, nikaifuta nikaendelea. Siku ya tatu breki ya mbele ikateleza. Nilipomfuata fundi akaniambia uzito wako kaka. Uzito wangu!

Nilipofungua mwenyewe nikapima kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye oili: mguu mmoja milimita 131, mwingine 112. Kijitabu cha pikipiki yangu kinataka 140, na namba ikiwa ndogo maana yake oili iko juu zaidi.

Kwa hiyo usijaze kwa ujazo, pima kimo. Legeza kifuniko cha juu wakati mguu bado umeshikwa na pikipiki, huku pua imeinuliwa, na malizia kukifungua kwa uangalifu kwa sababu springi inakisukuma. Mwaga, pampu mguu mpaka pasidondoke kitu. Jaza kupita kiasi kidogo, pampu polepole mara kumi hivi mpaka mapovu yaishe, uache dakika kadhaa. Kisha springi iwe nje na mguu umebanwa mpaka mwisho, pima. Mimi natumia bomba la sindano lenye mpira uliokatwa kwa urefu ninaoutaka: nalaza ukingoni, navuta, oili inaishia pale pale panapotakiwa. Miguu yote miwili, kimo kimoja. Sasa niko 130, yaani milimita 10 juu ya kijitabu, na nilifika hapo kwa sababu shimo moja kubwa kwenye njia yangu bado lilikuwa linanigongesha mwisho. Ilipopanda kwa milimita 10, kamba ikawa inaishia milimita 8 kabla ya mwisho. Sikuongeza tena.

Yule msomaji wa kilo 118 amenijibu jana. Amefunga kamba, ameketi, amepima: 64 kati ya 125. Anauliza kama bado aweke ile ya 20, kwa sababu ameshainunua. Nimemwambia alitunze kopo, atachanganya nalo springi zikifika.