Andika shoti zako mara mbili kabla ya kwenda lokesheni

Video yangu ya kwanza ya shamba la zabibu ilikuwa ya dakika mbili na nusu tu, lakini nilikwenda Mpunguzi, Dodoma, mara tatu kuimaliza. Safari ya kwanza nilirekodi kila kilichonivutia. Nilipokaa kuhariri nikagundua sina picha ya mkono ukikata kishada, wala ya mizani. Nikarudi wiki iliyofuata. Mama mwenye shamba alikuwa amevaa kitenge kingine, na safu niliyorekodi mwanzo ilikuwa imeshavunwa. Safari ya tatu mizabibu ilikuwa imepogolewa, imebaki vijiti. Picha hazikuungana hata kidogo, na mama wa watu alipoteza asubuhi tatu za kazi kwa ajili yangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nauli.

Tangu hapo siendi shambani bila karatasi mbili. Ya kwanza ni storibodi, inayofuata mpangilio wa hadithi kama mtazamaji atakavyoiona. Ya pili ni orodha ya shoti, na hii inafuata mpangilio wa kurekodi. Wengi huandika ya kwanza, wakaiita orodha na kwenda nayo kazini. Matokeo yake wanarekodi shoti ya kwanza kwenye mizabibu, ya pili kwenye mizani, ya tatu wanarudi kwenye mizabibu, na kila wakihama, stendi inakunjwa na kukunjuliwa upya. Jua halikusubiri.

Storibodi haihitaji ujuzi wa kuchora. Nachukua kaunta buku, nachora visanduku vya sentimita 8 kwa 4.5, ambavyo vina umbo lile lile la skrini ya televisheni. Kama video ni ya kutazamwa kwenye simu iliyosimama, nakigeuza kisanduku kisimame. Watu ni vijiti vyenye vichwa. Ninachokazania ni vitu viwili: mtu anaangalia upande gani, na kinachotembea kinaelekea wapi. Hicho nakiwekea mshale.

Mshale ndio ulioniokoa safari ya mwaka uliofuata. Kwenye sanduku la 7 nilichora kijana amebeba kreti la zabibu akitoka kushoto kwenda kulia. Sanduku la 8 anafika kwenye mizani, na mshale wangu ukaelekea kushoto, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeiweka kamera upande wa pili wa njia yake. Kwa maneno, shoti zote mbili zinasomeka "kijana anabeba kreti", huoni kosa. Kwenye mchoro unaona mara moja kwamba mtazamaji atadhani kijana amegeuka kurudisha kreti shambani. Nilifuta, nikaweka alama kwamba kamera ibaki upande mmoja wa njia hiyo shoti zote mbili. Kosa hilo ukiligundua wakati wa kuhariri, umechelewa.

Hadithi yenyewe nilikuwa nimeipa shoti 31. Nikaigeuza kuwa orodha kwa kujiuliza kamera itasimama wapi. Nikapata vituo vitano: mwanzo wa safu, ndani ya safu, chini ya mwarobaini kwa mahojiano, kwenye mizani, na nyuma ya pikapu. Kisha nikapiga hesabu. Kwa kasi yetu, kuhamia kituo na kujipanga huchukua dakika 15, na shoti moja pamoja na kurudia huchukua dakika 6. Mahojiano niliyaongezea dakika 20, na dakika 30 nikaziacha za dharura. Kwa shoti 31 jumla ilifika dakika 311, yaani zaidi ya saa tano.

Saa tano hatukuwa nazo. Mavuno yale yalikuwa ya mwezi wa nane, ambapo Dodoma jua huchomoza kama saa 12:40 asubuhi. Ikifika saa nne limeshapanda, na kofia inamtia mtu kivuli cheusi machoni. Upepo nao, kwa nilivyouzoea wakati wa kiangazi, huanza taratibu kisha unazidi jinsi asubuhi inavyosonga, na ukishaingia kwenye mikrofoni hakuna dawa. Nikakata shoti 13. Zilizokatwa nyingi zilikuwa zinasema jambo lile lile: picha tatu pana za shamba, nne za majani. Kwa shoti 18 hesabu ilishuka hadi dakika 233. Tukianza saa 12:45, tunamaliza saa 4:38.

Mpangilio ukawa hivi. Mwanzo wa safu kwanza, shoti 3, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaozifanya zabibu zing'ae na hauchukui muda kuondoka. Halafu mahojiano chini ya mwarobaini kabla upepo haujakolea, ingawa kwenye hadithi maneno hayo yanaanza katikati. Kuna faida nyingine ya kuyatanguliza: mama alipokuwa anaeleza, alisema kishada kilichoiva hukitambua kwa kuonja punje ya chini kabisa. Sikuwa na shoti hiyo. Nikaiandika pembeni, na tulipoingia ndani ya safu tukaipata. Ningemhoji mwisho, ningebaki na maneno yasiyo na picha.

Ndani ya safu nilikuwa na shoti 6, na hapa kuna kanuni sivunji: kitendo kisichorudishika kinakuja mwisho. Kishada kikikatwa kimekatwa. Kwa hiyo tulianza na uso wake, kisha mikono ikitafuta, kisha mkasi ukikaribia, na mkato wenyewe tukauacha hadi kila kitu kingine kina alama ya vema. Hata hapo nilimwomba achague safu yenye vishada vitatu vilivyo karibu, ili tukikosea tuwe na cha pili.

Kila mstari wa orodha una namba ya sanduku la storibodi, ukubwa wa picha (ya mbali, ya kati, ya karibu), tendo moja, na kama sauti inahitajika. Shoti 11 kati ya 18 ziliwekwa nyota, maana yake bila hizo video haisimami. Karatasi anaishika mwenzangu, si mimi, na vema haiwekwi mpaka tumetazama marudio kwenye kamera.

Nyota zilifanya kazi siku ile ile. Pikapu iliyopaswa kufika saa nne ilifika saa tatu, na dereva alikuwa na haraka.

"Mwanangu, huyu hakai, anapakia anaondoka," mama akaniambia.

Tuliiacha shoti ya nne ya ndani ya safu, tukakimbilia nyuma ya gari, tukachukua zote mbili za nyota ndani ya dakika 14, tukarudi. Mwenzangu alisoma kwa sauti: "Tuliishia sanduku namba 5, karibu, mikono, kitenge kimefungwa kushoto." Mama akakiweka sawa, tukaendelea.

Njia hii haifai kila mahali. Kwenye harusi au mkutano wa kijiji huwezi kumwambia mtu arudie, kwa hiyo hapo naandika zile za nyota tu na kujua nitasimama wapi. Pia usimsomeshe anayehojiwa maneno yake. Storibodi inapanga kamera, haimpangii mtu cha kusema.

Shoti ya mwisho kwenye karatasi yangu haina mchoro: dakika moja ya sauti ya shamba, watu wote kimya, kwa ajili ya kuziba mianya wakati wa kuhariri. Siku ile tuliirekodi saa 4:50, upepo ukiwa umeshaanza kuvuma kwenye majani, kisha tukafunga mabegi.