Moto kuuzima kwa moto: saa ya kuwasha hupimwaje?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina ekari kumi na mbili za paina huku Mufindi, zimepakana na bonde la majani. Mwaka jana moto ulipopanda kutoka bondeni, kiongozi wa kikosi alituamuru tufyeke njia, kisha yeye mwenyewe akawasha moto mwingine mbele ya ule unaokuja. Shamba lilipona, lakini hadi leo sijaelewa. Alijuaje kwamba moto wake hautageuka na kuteketeza miti yetu? Na kwa nini hatukwenda kuuzima ule wa kwanza moja kwa moja?

Jibu: Marahaba, ndugu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalozaa la kwanza. Moto wa porini hushambuliwa moja kwa moja pale tu mtu anapoweza kuusogelea. Kipimo kinachotumika ni urefu wa ndimi zake. Zikiwa chini ya mita 1.2 hivi, watu wenye matawi mabichi, vipigio, majembe na pampu za mgongoni wanaweza kufanya kazi ukingoni mwa moto, wakianzia nyuma na kuuminya kutoka ubavuni kuelekea kichwani. Zikifika kati ya mita 1.2 na 2.4, joto huwafukuza wenye zana za mkono, na kazi huhitaji magari ya maji au matingatinga. Zikizidi hapo, kichwa cha moto hakikabiliwi uso kwa uso. Majani makavu ya bondeni mwezi Septemba, yakisukumwa na upepo juu ya mteremko, hutoa ndimi ndefu kuliko hizo bila shida yoyote. Ndiyo maana kiongozi wenu alirudi nyuma na kuchagua mahali ambapo moto ungekuta chakula kimekwisha.

Njia ya kuzuia moto ni ukanda ulioondolewa kila kinachoweza kuungua, hadi udongo wenyewe uonekane. Watu wengi hufyeka majani na kuona wamemaliza, kumbe wameacha tabaka la sindano za paina zilizooza nusu, na moto hupenya humo taratibu usiku kucha na kutokea upande wa pili asubuhi. Kwa hiyo wa mbele hufyeka, wanaofuata hukwatua kwa jembe, wa mwisho hukusanya kwa reki, na mizizi inayokatiza njia hukatwa kwa shoka, kwa sababu mzizi mkavu hupitisha moto chini ya ardhi. Wakati wa moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, ulioanzia eneo la Whona kati ya vituo vya Mandara na Horombo, sehemu kubwa iliyoungua ilikuwa vichaka vya ukanda wa juu ya msitu. Katika mazingira ya namna hiyo, ambako udongo una mboji nene, kufyeka peke yake hakutoshi.

Takataka zote zilizofyekwa hutupwa upande wa shamba linalolindwa, mbali na ukingo, ili zisiuongezee nguvu moto wa kukabili utakaowashwa upande wa pili. Ila vitu ambavyo tayari vina moto hutupwa upande utakaoungua. Nimewahi kukuta kikosi kizuri, chenye watu wenye nguvu, kimefanya kinyume cha hayo yote mawili kwa haraka tu, na njia yao ya mita nne ikawa haina faida.

Upana hutegemea urefu wa kinachoungua. Kwa majani, kanuni ya kuanzia ni mara moja na nusu ya urefu wake: majani ya mita moja na nusu yanataka walau mita mbili na robo. Lakini kipimo hicho ni cha hali tulivu. Penye upepo mkali moto huruka njia kwa cheche, na njia ambayo mtu anaweza kuifungua kwa jembe haitazuia cheche hizo. Hapo ndipo moto wa kukabili unapoingia. Njia ya mita tatu hugeuzwa ukanda mweusi wa mita thelathini au zaidi, kwa kuchoma kile kilichobaki kati ya njia na moto unaokuja. Kwa maneno mengine, njia ile nyembamba hufanywa hasa iwe mahali salama pa kuwashia.

Njia yenyewe haianzi popote. Huanza penye kitu kisichoungua, kama kijito chenye maji, barabara, mwamba, au eneo lililokwisha kuungua na kupoa, na huishia penye kitu cha namna hiyo hiyo. Njia inayoanza katikati ya majani inaweza kuzungukwa, na waliomo wakajikuta moto uko mbele na nyuma.

Sasa nije kwenye saa ya kuwasha, na nikupe mfano wa hesabu. Tuseme moto uko mita 1,200 chini ya barabara inayopita juu ya bonde, na upepo unausukuma kuelekea barabarani. Mlinzi aliye mahali pa juu anaupima kwa alama mbili anazozijua, tuseme mti na kichuguu vilivyo umbali wa mita 100, na anaona umetumia dakika kumi. Kasi ni mita 10 kwa dakika. Mita 900 za kwanza ni tambarare, kwa hiyo dakika 90. Mita 300 za mwisho zina mteremko wa nyuzi kumi, na kanuni ya kazi ni kwamba kila nyuzi kumi za kupanda huongeza kasi karibu maradufu, kwa sababu ndimi huinama na kukausha majani yaliyo mbele yake. Hizo zitachukua dakika 15. Jumla tuna dakika 105, iwapo upepo hautabadilika.

Barabara inafunika mita 700 za mbele, na mwisho wake mmoja unagusa kijito. Upande wa pili panatakiwa njia mpya ya mita 300 hadi kwenye kinamasi. Kiongozi anaangalia watu wake kwa dakika kumi za kwanza na kuona wamekamilisha mita 60. Kazi yote itachukua dakika 50. Mwashaji naye, akitembea kwa mwendo ambao walinzi wa njia wanaweza kuufuata, anawasha mita 25 kwa dakika, yaani dakika 40 kwa mita 1,000. Baada ya sehemu ya mwisho kuwashwa, moto wa kukabili, unaotambaa dhidi ya upepo na kuteremka, unaenda mita moja na nusu tu kwa dakika, hivyo mita 30 nyeusi zinataka dakika 20 zaidi. Jumlisha: 50, 40 na 20 ni 110. Muda uliopo ni 105. Mpango wa kumaliza kufyeka kwanza na kuwasha baadaye umeshindwa kabla ya kuanza.

Kiongozi ana njia mbili. Anaweza kurudi nyuma hadi barabara nyingine na kuacha kipande cha shamba kiungue, uamuzi unaouma lakini mara nyingi ndio sahihi. Au anaweza kuanza kuwasha kutoka kijitoni katika dakika ya 25, huku wenzake wakiendelea kufyeka upande wa pili. Barabara ya mita 700 itakamilika dakika ya 53, wakati njia mpya imekwisha tangu dakika ya 50. Mita 300 zilizobaki zitawashwa kufikia dakika ya 65, na ukanda mweusi utakuwa tayari dakika ya 85. Zinabaki dakika 20 za ziada. Sharti ni moja: mwashaji hapiti mbele ya njia iliyokwisha kukaguliwa, hata kama anaona moto mkubwa unakaribia. Wafyekaji wakichelewa, naye anasimama.

Kuwasha kwenyewe hufanywa ukingoni kabisa mwa njia, upande wa moto unaokuja, kwa kopo lenye utambi linalodondosha mchanganyiko wa dizeli sehemu tatu na petroli sehemu moja. Petroli tupu haitumiki, kwani hulipuka mkononi. Nyuma ya mwashaji hufuata watu wenye pampu na matawi, na wengine husimama wakiwa wameupa moto mgongo. Wageni hushangaa wakiona hivyo, lakini kazi ya hao ni kutazama shambani, ambako cheche zitaangukia.

Kuhusu hofu yako ya moto kugeuka: moto wa kukabili huanza ukiwa dhaifu kwa sababu unakwenda dhidi ya upepo. Moto mkubwa unapokaribia, hewa moto inayopanda juu yake huvuta hewa ya chini kutoka pande zote, na mtu aliye njiani huweza kuhisi upepo ukibadilika na kuelekea motoni. Wakati huo moto wa kukabili huvutwa mbele, na mioto miwili hukutana kwa kishindo. Wapo wanaosubiri mvuto huo ndipo wawashe. Mimi sipendi kuutegemea, kwa sababu huja ukiwa umebakiwa na dakika chache, na usipokuja huna pa kurudi. Bora ukanda mweusi uwe umekamilika mapema, mvuto uje kama nyongeza.

Na ndiyo, hugeuka. Tarehe 14 Desemba 2019, huko New South Wales nchini Australia, wazima moto waliwasha moto wa kukabili karibu na Mount Wilson ili kuuzuia moto mkubwa wa Gospers Mountain. Moto huo wa kukabili uliruka njia, ukateketeza nyumba katika vijiji vya jirani. Hao walikuwa watu wenye magari, redio na uzoefu. Dalili za kuacha zinajulikana: upepo unaoyumba bila mwelekeo, moshi unaolala juu ya njia badala ya kupanda, na cheche zinazowasha upande wa shamba kwa haraka kuliko walinzi wanavyozima. Mkizima mmoja na miwili ikawaka, kuwasha husimama palepale na watu huondoka kwa njia ya kutorokea iliyotajwa kabla ya kazi kuanza. Mahali pa kukimbilia mara nyingi ni pale palipokwisha kuungua na kupoa.

Jambo la mwisho linahusu siku ya pili. Mstari mweusi si mstari uliozimika. Kikosi hurudi na kutembea ukingo mzima, mita ishirini au thelathini kuelekea ndani, wakipitisha mgongo wa mkono juu ya majivu bila kuyagusa, kutafuta joto la visiki na mizizi. Penye joto huchimbwa, hutiwa maji na kukorogwa hadi mkono ukae bila kuungua. Palipo na mteremko chini ya moto huchimbwa mfereji wenye kingo, ili koni na magogo yanayobiringika yadakwe humo. Wenyeji hulalamika kwamba watu wanakaa bure baada ya moto kwisha, ilhali upepo wa saa nane mchana ndio huufufua.

Ushauri kwa shamba lako: usijaribu kuwasha wewe mwenyewe siku ya hatari, na kumbuka kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti juu ya uchomaji wa uoto. Unachoweza kufanya ni kusafisha njia ya upande wa bondeni mwezi Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu na jembe likiingia bila taabu, na kukubaliana na jirani wa ng'ambo ili njia yake na yako ziungane kwenye kijito badala ya kuishia kila moja katikati ya majani.