Hedifoni za 250 Ω kwenye simu: sio feki, volti ndo hazitoshi

Juzi kijana mmoja kaniandikia inboksi, kanunua DT 770 PRO ile ya 250 Ω, kachomeka kwenye simu, volyumu kaipandisha mpaka mwisho na sauti bado iko mbali. "Kaka, nimepigwa?" Hujapigwa mdogo wangu. Mimi fundi mmoja mtaani alishaniambia zangu zimeungua koili, na hapohapo akataka kuzinunua kwa bei ya kutupa, mpaka leo nikimwona roho inaniuma. Nikazipeleka studio kwa jamaa yangu, tukachomeka kwenye intafesi ya kurekodia, nobu haijafika hata nusu nikazivua kwa kelele!

Iko hivi. Simu nyingi zenye tundu la hedifoni zinatoa kama nusu volti mpaka volti moja, basi. Nguvu inayofika kwenye hedifoni ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Kwa nusu volti, 0.5 × 0.5 ÷ 250 unapata miliwati 1 kamili. Sensitiviti ya hizo hedifoni, yaani sauti zinayotoa kwa nguvu fulani, ni desibeli 96 kwa miliwati 1, kwa hiyo 96 ndo kilele, pale kiki inapogonga, wimbo wenyewe unatembea chini ya hapo, na usiobanwa unashuka zaidi. Ndo maana bongo fleva iliyobanwa kwenye masteringi inasikika kiasi, ila rekodi mbichi ya gita na sauti tupu imelala kabisa. Hedifoni ya 32 Ω yenye sensitiviti ileile, kwa nusu volti hiyohiyo inapata karibu miliwati 8, desibeli 9 juu.

Ila msiishie kwenye omu tu, hapa ndo wengi mnaumia. AKG K702 ina 62 Ω, mtu anaona ndogo, anaona na sensitiviti 105 anashangilia, kumbe hiyo 105 ni kwa volti moja na sio kwa miliwati! Ukiipima DT 770 kwa volti moja nayo inafika 102, tofauti ni desibeli 3 tu, kwenye simu, hedifoni zote mbili zitakusumbua. Soma kipimo kabla ya kutoa hela, nasema kila siku.

App za kuongeza sauti achana nazo, volti haziongezeki, vilele vinakatwa na ngoma zinapasuka. Tafuta kiadapta cha USB-C chenye DAC, ile chipu ya kugeuza dijitali kuwa sauti, kinachotoa volti 2, hapo DT 770 inapata miliwati 16, kilele desibeli 108.

Na kujua kama kweli koili imekufa ni rahisi, mara nyingi upande mmoja unanyamaza au unakoroma. Zako zikiwa na sauti ndogo lakini safi, kulia na kushoto sawa, ni volti tu. Ukishapata hicho kiadapta shusha volyumu chini kabisa kwanza, ndo uzivae.