Soko lilichukua dola 5, dola 22 nilizitoa mimi

Juzi msomaji mmoja wa Mbarara aliniandikia kwamba tredi moja ya forex imemla, sasa anaomba mkakati mpya. Sikumpa mkakati. Nilimwuliza kama mpango wa tredi ile aliuandika kabla ya kuingia, maana swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, na jibu langu bado linaniuma.

Akaunti yangu ilikuwa na dola 500. Jioni niliandika kwenye daftari: kununua EUR/USD ikirudi 1.0850, kikomo cha hasara 1.0825, lengo 1.0900, ukubwa loti 0.02. Kwa loti 0.02 pipsi moja, yaani bei ikisogea 0.0001, ni senti 20 za dola, kwa hiyo pipsi 25 zikienda vibaya ningepoteza dola 5, yaani asilimia 1 ya akaunti. Mpango huo nilimtumia kaka anayenifundisha, kisha nikaweka oda ya kusubiri na kulala.

Asubuhi nilikuwa dukani hapa Kampala, simu mkononi. Bei ilishuka hadi 1.0858, ikageuka na kuanza kupanda. Niliona inaniacha. Nikafuta oda, nikanunua pale pale kwa 1.0862, tena kwa loti 0.05, kwa sababu siku mbili kabla nilikuwa nimeshinda na mkono ulikuwa umepata nguvu. Bei ikarudi chini. Ilipokaribia 1.0825 nilisogeza kikomo hadi 1.0800 nikijiambia naipa nafasi ya kupumua. Nilifunga mwenyewe kwa 1.0808, moyo umeshakwisha. Dola 27, karibu shilingi laki moja, zikaenda.

Nilimwandikia kaka kwamba soko limenigeuka. Sikutaja kikomo.

Jibu lilikuja usiku kwa barua pepe. Hakunipa pole. Aliweka safu mbili, nilichoandika na nilichofanya, kisha akazipa tofauti bei. "Mdogo wangu," aliandika, "bei ilipita 1.0850 na ilifika 1.0825. Hata ungefuata mpango, ungepoteza. Hizo dola 5 ni gharama ya biashara, sina neno nazo. Nataka tuzungumze juu ya 22."

Akazigawa. Kuingia kwa 1.0862 kuliongeza pipsi 12 kati ya mlango na kikomo. Kwa loti 0.02 hasara ingekuwa dola 7.40 badala ya 5, kwa hiyo haraka yangu iligharimu 2.40. Pipsi hizo hizo 37 kwa loti 0.05 ni dola 18.50, kwa hiyo ukubwa uliongeza 11.10. Kusogeza kikomo kuliongeza pipsi 17, yaani 8.50. Aliongeza kwamba ukianza kuhesabu na ukubwa kabla ya haraka, mafungu mawili ya kwanza yanabadilika, lakini 22 haibadiliki.

Mimi nilikuwa nimejilaumu kwa kuingia mapema. Kumbe hilo ndilo lilikuwa dogo kuliko yote. Kwa hesabu yake, kosa lililonigharimu zaidi ni namba niliyoiandika kwenye kisanduku cha loti bila hata kuvuta pumzi, na sikuwa nimeikumbuka nilipokuwa nikijitetea.

Halafu aliuliza: "Kikomo ulikisogeza saa ngapi?" Nilikuwa nimempa picha ya historia ya tredi, nayo huonyesha kikomo cha mwisho tu. Alitaka ukurasa wa `Journal` wa programu ya tredi ya MetaTrader, ambao huandika kila badiliko na saa yake. Nikafungua. Badiliko lilikuwepo, na saa yake. Niliona aibu ambayo hasara yenyewe haikunipa.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, na wengine mnaotafuta mkakati mpya kila mnapopoteza: hesabuni kwanza. Chukua mpango ulioandikwa kabla, si unaoukumbuka baada ya maumivu. Uliza kama mpango wenyewe ungepoteza, na kiasi gani. Kinachobaki, kigawe kwa kila ulipouacha. Kama hukuandika mpango, huna cha kulinganisha, na hapo hakuna mwalimu atakayekusaidia. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi nilitaka kubadilisha mkakati usiku ule ule. Kaka alikataa. Alisema tredi moja inaonyesha nilivyotekeleza, haionyeshi kama mpango ni mzuri. Hilo tungelizungumza nikishafika tredi 20 zilizofuatwa kama zilivyoandikwa.

Alinitaka niongeze mistari miwili tu kwenye daftari: bei ikiniacha bila kugusa oda, siku imeisha, na kikomo kinasogezwa kuelekea faida pekee. Tredi iliyofuata nayo ilipoteza. Dola 5. Nilimtumia, akajibu kwa neno moja: "Sawa."